Mshenga Yuko Wapi?

Kila kijitabu cha harusi ninachopewa kuhariri hapa Bagamoyo kinadai macho yaligongana ufukweni, basi, wakaoana. Uongo mtupu! Barua ya posa ilijipeleka yenyewe?

Majuzi niliwahoji wachumba, kila mmoja peke yake. Bwana harusi alikumbuka machweo. Bibi harusi alikumbuka barua iliyokaa kwao Kaole wiki tatu bila jibu, hadi mshenga, mzee mvuvi, akarudi kuulizwa upya ukoo wa kijana. Hiyo ndiyo hadithi, jamani, na aya moja ingeitosha.

Wakaogopa wageni wangedhani kijana alikataliwa. Yakachapishwa machweo. Mshenga aliketi meza ya nyuma, akikipekua kijitabu kutafuta jina lake.