Mushahara wa vita: baruwa moya inaweza kulinda deni lako

Tangu M23 iliingia Goma mwisho wa Januari 2025 na banki zikafungwa, jibu moja linasikika kwa mapatroni wengi: "Vumilia, banki haiko." Ni kweli banki zilifunga. Lakini banki ni njia ya kulipa tu. Kama ulifanya kazi, deni lingali deni.

Sheria ya Kazi ya Congo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba mushahara ulipwe siku sita kisha mwezi kuisha, si zaidi. Sasa angalia hapa, njo fasi watu wengi wanapotelea: mashitaka ya mushahara yanazeeka kisha mwaka moja, kuanzia siku mushahara ulipaswa kulipwa. Kulalamika kwa mudomo mbele ya ofisi hakusimamishe hiyo saa. Baruwa ya posta yenye kupokelewa kwa sahihi, ama lalamiko mbele ya inspektere wa kazi, njo vinaisimamisha.

Tuchukue mfano wa mulinzi wa depo. Analipwa dola 150 kwa mwezi, na dola 20 za transporti. Februari, Marsi na Aprili 2025 hakupata kitu. Ya Februari ilipaswa kutoka mpaka tarehe 6 Marsi 2025. Akinyamaza mpaka Marsi ya 2026, patroni anaweza kusema imezeeka.

Baruwa yake isiwe ndefu:

"Bwana Direktere, nilifanya kazi kwenye depo yenu kuanzia tarehe 1 Februari mpaka 30 Aprili 2025, zamu ya usiku, na daftari ya zamu inaonyesha. Sijalipwa mushahara wa miezi tatu, dola 450, wala transporti, dola 60. Jumla ni dola 510. Naomba mulipe mbele ya tarehe 31 Mei 2025, kwa mukono ao kwa simu. Ikipita, nitapeleka kesi kwa inspektere wa kazi."

Transporti iko kwa mustari wake kwa sababu sheria haiihesabu ndani ya mushahara. Na tarehe za zamu zina kazi kubwa: patroni anaweza kusema vita ilisimamisha kontra. Kweli, kazi ikishindikana kabisa kontra inaweza kusimama. Lakini mutu aliyelinda depo usiku ule, kontra yake haikusimama. Kama zamu zingine hakufika juu ya masasi, aseme hivyo. Uongo moja kwa tarehe unaharibu zote.

Afanye kopi mbili. Kwa kopi yake sekretere aandike tarehe, jina na sahihi. Akikataa, asigombane naye: apeleke kopi kwa inspektere, na huko aombe kashe ya kupokea. Hiyo njia ya inspektere haiwezi kurukwa, juu tribinali ya kazi haipokee kesi ya mutu moja mbele inspektere ajaribu kupatanisha. Wasipopatana, inspektere anaandika karatasi ya kutopatana, na toka siku ya kuipokea mulinzi ana miezi 12 ya kushitaki.