Duka Halijakufungia, Ni Ijumaa

Wasee, tuache kusimama Mtaa wa Biashara Ijumaa saa saba mchana, tunarekodi milango iliyofungwa na kusema eti watu wa Mombasa ni wavivu. Hilo duka lilifungwa saa hizo hizo wiki jana, na wiki ijayo litafungwa tena. Umeshindwa kujua nini hapo?

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii ni ya jua tu. Adhuhuri inaingia jua likishapita utosini. Mombasa, mapema Novemba hiyo ni kama saa 6:05. Katikati ya Februari ni kama saa 6:35. Mwaka mzima inacheza ndani ya nusu saa.

Na mbona Jumanne duka liko wazi saa hiyo? Kwa sababu Jumanne muuzaji anamwachia mwenzake kaunta, anaswali dakika chache, anarudi. Ijumaa haiendi hivyo. Kuna hotuba kwanza, halafu rakaa mbili kwa jamaa, na huwezi kuiswali peke yako nyuma ya kaunta. Wanaume wote wa duka wanaondoka pamoja, kisha wanapitia nyumbani kula.

Sasa tuseme unataka leso za harusi ya Jumamosi, mboga, na una kazi ya benki. Anza Kongowea alfajiri, maana malori yanashusha usiku na jua likipanda unachagua masalio. Saa nne uko Mtaa wa Biashara, unachukua leso na kumpa fundi wa kupinda kabla ya saa tano. Saa sita, maduka yakifungwa, nenda benki, iko wazi. Saa kumi unafuata leso zako. Ukianza na benki asubuhi, umejiharibia siku mwenyewe.

Kinachonikera mimi ni ofisi iliyoandika mlangoni saa 2 hadi saa 11, unafika saa nne unaambiwa "mhusika ametoka, jaribu kesho." Huyo hakuna jua linalomtabiri, na hatumrekodi.

Lakini kuna mtu anaumia kweli: mwajiriwa mwenye lanchi ya saa saba hadi saa nane. Akiwa Muislamu, anatoka hotuba imeisha. Akiwa si Muislamu, anatoka maduka yamefungwa na kurudi kazini yakikaribia kufunguliwa. Mabosi wa Mombasa, Ijumaa toeni lanchi kuanzia saa sita hadi saa nane, na hiyo saa moja ilipwe asubuhi au jioni. Mnaujua huu mji, msijifanye wageni.

Na nyinyi wenye maduka, wengine mnarudi saa nane, wengine saa tisa. Andikeni mlangoni saa ya kufungua. Chaki inatosha.