Kaye Moja, Picha Nyingi: Kuziunganisha Bila Kupoteza Faranga ya Mtu

Wengi wetu hapa Bukavu tuko katika AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wamama watatu, ili mtu asilifungue peke yake. Lakini kaye inayoonyesha nani aliweka nini mara nyingi ni moja tu, nayo inalala nyumbani kwa sekretere. Kule Kadutu nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana. Moto ukishika nyumba moja, hakuna anayepata muda wa kutafuta kaye. Na wakati wa mvua, bati likivuja usiku, asubuhi kurasa zimeshikamana.

Kwa sababu hiyo kuna wamama wanaopiga picha kila ukurasa kwa telefone. Ni jambo jema, lakini picha mia moja zilizochanganyika na picha za ubatizo na za arusi bado si kaye. Mama akiuliza ana hisa ngapi, itabidi kufungua picha moja moja na kukaza macho. Juma hili tunaeleza namna ya kuzigeuza picha hizo kuwa faili moja ya maandishi, yenye alama wazi ya kila ukurasa, bila mstari uliorudiwa. Mtaona kwamba ugumu wote uko kwenye hilo la mwisho.

Kwanza namba, kisha picha

Kabla ya kupiga picha yoyote, shikeni biki mwandike namba kwenye pembe ya kila ukurasa wa kaye, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, hata zile zisizoandikwa kitu. Picha isiyo na namba ndani yake haiwezi kusema inatoka wapi, na telefone inajua tu saa ambayo picha ilipigwa.

Ukurasa wa kaye kubwa ukipigwa wote kwa mara moja, maandishi yanatoka madogo na tarakimu 1 inafanana na 7. Ni afadhali kuupiga mara mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa telefone. Picha ya pili ianze mistari mitatu nyuma ya mahali ya kwanza ilipoishia. Mistari hiyo mitatu inayoonekana katika picha zote mbili ndiyo inayothibitisha kwamba hakuna kilichorukwa katikati. Lakini ndiyo hiyo hiyo itakayotuletea marudio, kwa hiyo tuikumbuke.

Picha zipeni majina yenye tarakimu tatu: 014a ni nusu ya juu ya ukurasa wa 14, na 014b ni nusu ya chini. Mkiandika 1, 2, 10 bila sifuri mbele, programu nyingi zitaipanga 10 kabla ya 2, na ukurasa wa kumi utaingia baada ya ule wa kwanza.

Kuandika ukurasa

Kazi hii inafanywa na watu wawili. Mmoja anasoma picha kwa sauti, mwingine anaandika. Kila ukurasa uwe faili yake ndogo, na mstari wake wa kwanza uwe alama ya ukurasa peke yake:

```
=== UKURASA 014 ===
```

Alama hizo tatu za sawasawa tumezichagua kwa kuwa hakuna sekretere anayeziandika hivyo ndani ya kaye, basi haziwezi kuchanganyika na maneno ya kikundi. Ukurasa mtupu nao upewe alama yake, na chini yake neno TUPU. Bila hiyo, atakayeona 016 ikifuatwa na 018 atafikiri kuna ukurasa ulioibiwa. Neno lisilosomeka liandikwe [haisomeki], wala msikisie. Kama hesabu ilikatwa kwa mstari na nyingine ikaandikwa juu yake, andikeni zote mbili: [imefutwa 2000] 1000.

Mnapotoka picha ya juu na kuingia ya chini, wekeni mstari wa muda unaosema `--- picha 014b ---`. Hapo ndipo penye mshono, na ndipo tutakapotafuta marudio.

Mistari iliyorudiwa, na ile inayofanana tu

Tuchukue mfano, na majina ni ya mfano tu. Kikundi kina wamama 20. Hisa moja ni faranga 1.000, na kila mama anaweza kununua hisa 1 hadi 5 kwa kikao. Tarehe imeandikwa mara moja tu juu ya ukurasa, kama ilivyo desturi ya kaye nyingi. Picha 014a ina mistari 12 ya wamama, na 014b ina 11. Kwenye mshono tunasoma hivi:

```
Neema, 2000
Furaha, 1000
Furaha, 1000
Zawadi, 3000
--- picha 014b ---
Furaha, 1000
Furaha, 1000
Zawadi, 3000
Riziki, 2000
```

Mistari mitatu ya mwisho ya picha ya juu, yaani Furaha, Furaha na Zawadi, ni ile ile mitatu ya kwanza ya picha ya chini, kwa mfuatano ule ule. Hayo ndiyo marudio ya picha. Tunafuta ile mitatu iliyo chini ya mshono, tunafuta na mstari wa mshono wenyewe, na kinachobaki ni hiki:

```
Neema, 2000
Furaha, 1000
Furaha, 1000
Zawadi, 3000
Riziki, 2000
```

Furaha wamebaki wawili, na ni sawa, kwa sababu kikundi kina wamama wawili wenye jina hilo na kila mmoja alinunua hisa moja siku ile. Mistari yao inafanana, lakini ni watu wawili na faranga za watu wawili.

Hapa ndipo tunawaomba mwe macho. Kijana wa mahali pa fotokopi anaweza kuwaambia kwamba mashini inajua kufuta mistari yote inayofanana kwa mara moja. Ni kweli inajua. Lakini mashini haiulizi mstari umetoka picha gani. Ingemfuta Furaha mmoja, kisha ingeendelea kwenye ukurasa wa 15, wa 16 na wa 17. Kwa kuwa tarehe haiko kwenye kila mstari, ingeona «Zawadi, 3000» ya juma la pili, ingesema tayari iko, na ingeifuta. Mama mwaminifu anayeweka kiasi kile kile kila juma ndiye angepoteza kuliko wote. Kwa hiyo marudio hufutwa kwenye mshono tu, kwa macho, na ni lazima mfuatano mzima wa mistari ufanane. Mstari mmoja unaofanana na mwingine si sababu ya kuufuta.

Namna ya kujua kama mmekosea

Kaye yenyewe inatupa mizani mbili: idadi ya mistari, na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Kwenye mfano wetu, mistari 12 na 11 ni 23. Tukitoa 3 ya mshono inabaki 20, sawa na wamama 20. Na kaye inasema jumla ni faranga 36.000.

Kama mngesahau kufuta marudio, mngehesabu mistari 23 na faranga 41.000, yaani 5.000 zimezidi, ambazo ni za Furaha wawili na Zawadi. Kama mngeiachia mashini, mngepata mistari 19 na faranga 35.000. Kwa hiyo jumla ikizidi, tafuteni marudio yaliyobaki. Ikipungua, tafuteni mstari wa kweli uliofutwa. Na kama idadi ya mistari ni sawa lakini jumla haikubali, basi ni tarakimu iliyosomwa vibaya, au ni sekretere aliyejumlisha vibaya siku ile. Hapo msirekebishe hesabu ya kaye. Andikeni kama ilivyo, na pembeni muongeze [jumla haikubali], ili komite iamue.

Hili si jambo dogo kwa sababu ya siku ya kugawana. Mwisho wa mzunguko, fedha zote za sanduku zinagawanywa kwa idadi ya hisa zote, ndipo thamani ya hisa moja inajulikana. Hisa moja ikipotea kwenye faili, Furaha mmoja anakosa haki yake, na thamani ya hisa ya kila mama mwingine inapanda kwa fedha isiyo yake. Hisa za marudio zikibaki, ni kinyume: kila mama anapunjwa kidogo.

Kuunganisha kurasa zote

Kurasa zikishapita kwenye mizani, kuziunganisha ni rahisi. Anayetumia telefone tu anaweza kunakili ukurasa mmoja baada ya mwingine ndani ya faili moja. Mahali penye ordinatere ya Windows, faili zikiwa na majina kama uk001.txt, uk002.txt na kuendelea, amri ni hii:

```
copy /b uk*.txt kaye.txt
find /c "=== UKURASA" kaye.txt
```

Ya kwanza inaunganisha, ya pili inahesabu alama za kurasa. Kaye ya kurasa 60 lazima itoe 60. Kuna mitego miwili hapa. Kila faili ndogo iishe kwa mstari mtupu, la sivyo alama ya ukurasa unaofuata itaning'inia mwishoni mwa mstari wa mwisho wa ukurasa uliotangulia. Tena, nakilini faili kutoka kwenye fleshi na kuziweka ndani ya ordinatere kabla ya kuunganisha, kwa sababu kwenye fleshi mashini inaweza kufuata mpangilio wa namna zilivyoingizwa na siyo wa namba. Kisha pitieni alama tangu 001 mpaka 060 kwa macho, muone zinafuatana.

Faili hii haina sahihi wala alama za vidole, kwa hiyo haichukui nafasi ya kaye mbele ya komite. Tunzeni picha pamoja nayo, ili likitokea bishano juu ya ukurasa wa 14 mfungue 014a na 014b. Mkizituma picha kwa WhatsApp, zitumeni kama «Document», maana zikitumwa kama picha za kawaida zinapunguzwa na tarakimu zinafifia. Nakala moja ikae kwa sekretere, nyingine kwa mama wa avenyu ya mbali. Isiwekwe kwenye grupu la wote: ndani mna madeni ya watu. Na baada ya kila kikao, ongezeni ukurasa mpya siku ile ile, wakati walioweka bado wanakumbuka walichoweka.