Usiniulize miaka mingapi, nipe karatasi mbili

Wasee, kuna tangazo la kazi nimeona hapa Kakamega: mhudumu wa saiba, uzoefu wa miaka 2. Miaka 2 ya nini, kuwasha printa?

Nina sababu ya kuuliza. Shangazi yangu ana saiba upande wa Lurambi, na alipotafuta mtu nilikaa naye siku ya mahojiano. Walibaki wawili. Jamaa alikuwa na uzoefu wa miaka 3. Msichana alikuwa na KCSE tu, CV nusu ukurasa, hadi nikamhurumia.

Shangazi aliwauliza swali moja: "Ni nini umejifunza mwaka huu bila kufundishwa, na ulikwama wapi?" Hapo kwa kukwama ndipo penye maneno. Jamaa akasema yeye hushika mambo haraka. Sawa, lakini mambo gani? Msichana akasema anaandika hesabu ya chama cha mamake, na mwezi mmoja shilingi 200 hazikuonekana. Alitafuta siku mbili, akagundua amemwandika mtu mmoja mara mbili. Tangu hapo hunakili nambari ya muamala ya M-Pesa kando ya kila jina. Unaona? Kosa, jinsi alivyoligundua, na alichobadilisha. Mtu akikosa hivyo vitatu, huenda anapiga domo tu.

Halafu kazi yenyewe: programu ya mazishi, kurasa 8, karatasi mbili za kukunja katikati. Jamaa alimaliza mapema, alishazoea. Msichana alikosea, kurasa zikafuatana ovyo. Shangazi akamwonyesha mara moja tu: kunja karatasi tupu, andika nambari kwa kalamu, zifungue. Ukurasa wa 8 unakaa kando ya wa 1, na nyuma yake ni wa 2 na wa 7.

Kisha akawapa wote ya kurasa 12. Huu ndio mtihani, manze. Jamaa akauliza kama kuna iliyotengenezwa tayari anakili. Msichana akakunja karatasi tatu, na kabla ya kumaliza kuandika nambari akasema, "Kumbe kila jozi inajumlisha 13." Shangazi hakupima nani alijua. Alipima umbali kati ya jaribio la kwanza na la pili.

Mwaka 1998 watafiti Schmidt na Hunter walilinganisha njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi kulitabiri utendaji vizuri kuliko kuhesabu miaka yake ya uzoefu.

Si eti njia hii inafaa kila mahali. Fundi wa stima wa kujifunzia kwangu, hapana. Na jaribio likizidi nusu saa, mlipe mtu, usimfanyishe kazi ya bure ukiita mahojiano.

Wiki ya kwanza foleni ilifika mlangoni na wateja walinung'unika. Shangazi alikaa naye kaunta hadi jioni, siku sita mfululizo.