Tusichapishe sashe mbele ya kujaribu bei



Katika depo ya koperative moja niliyokuwa nikisaidia kungali katoni za sashe tupu. Ni sashe nzuri, zimeandikwa «Unga wa maharagi ya chuma, lishe bora ya mtoto», na bei imechapishwa pale pale. Unga wenyewe ulikuwa mzuri pia. Lakini wamama sokoni walisoma, wakauliza: «Huu ni wa watoto wagonjwa?» Halafu wakaenda kununua maharagi ya kawaida. Mimi agronomu nilikuwa kati ya wale walioshauri maneno yale. Sisi tulikuwa tunafikiri chuma, mama alikuwa anafikiri makala. Maharagi makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi, wakati unga wa maharagi yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa unaiva upesi sana. Jambo hilo hatukuliandika popote.

Ndiyo maana sasa ninasema: koperative isilipe mchapishaji mbele ya kujaribu maneno na bei kwa wanunuzi wenyewe.

Jaribio ni dogo. Sagisheni kilo 40, mpime katika sashe za kawaida za nusu kilo, bila chapa. Mtapata sashe 80. Andikeni matangazo mawili kwa herufi kubwa, bei iwe moja, tuseme franga 2,000. La kwanza linasema «Lishe bora ya mtoto», la pili «Maharagi yanayookoa makala». Siku ya kwanza weka moja Kituku na lingine Majengo, siku ya pili mbadilishane. Msipobadilishana, hamtajua kama ni maneno yaliyouza ao ni soko lenyewe. Muuzaji aandike watu wangapi wamesimama kusoma na wangapi wamelipa. Anayesema «nitarudi» asihesabiwe kati ya walionunua, juu watu wetu wako na adabu, hawapendi kukukatalia usoni.

Tuseme kila tangazo limesomwa na watu 40. Kama moja limeuza 9 na lingine 7, hapo hakuna mshindi, ni bahati tu. Kama ni 18 kwa 6, hapo sikilizeni. Kwa simu inawezekana pia: memba wawili waweke picha moja kwenye status ya WhatsApp, kila mmoja na maneno yake. Status inaonyesha wangapi wameiona. Lakini marafiki wa memba mmoja si sawa na wa mwenzake, kwa hiyo hapa pia mbadilishane.

Maneno ya toleo si sifa ya bidhaa tu, hata saa ya kuitoa inahesabika. Kule Busia, Kenya, watafiti Duflo, Kremer na Robinson walijaribu mbolea na wakulima, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Bei haikushushwa. Mkulima aliahidiwa kuletewa mbolea bure akiilipia mara baada ya mavuno, wakati feza ingali mkononi. Matumizi ya mbolea yalipanda karibu sawa na pale walipokata nusu ya bei wakati wa kuitumia. Ahadi ile ile ya kuletewa bure, ilipotolewa wakati wa kuitumia, haikusaidia sana.

Maneno yakishapatikana, ndipo mjaribu bei. Msibadilishe vyote viwili kwa pamoja. Chagueni bei ambazo noti zetu zinaweza kulipa. Tangu benki za Goma zilipofungwa mapema 2025, noti ndogo zimekuwa shida, na bei ya franga 1,700 itamkimbiza mnunuzi juu ya chenji tu. Jaribuni 1,500, 2,000 na 2,500, kila bei siku yake. Chukueni hesabu ya mfano, sashe ikiwa imewagharimu 1,100:

Kwa 1,500 wamenunua 24, faida ni 9,600.
Kwa 2,000 wamenunua 15, faida ni 13,500.
Kwa 2,500 wamenunua 6, faida ni 8,400.

Bei ya chini imeuza sashe nyingi zaidi, lakini si yenyewe inayolisha koperative. (Kama kinu chenu kinadai kazi nyingi ili kisisimame, hesabu inaweza kugeuka. Mpigeni upya.)

Iko hatari moja. Msiuze kwa bei mbili katika soko moja siku moja. Habari itafika jioni, nanyi mtaitwa wezi. Andikeni wazi «bei ya majaribio», na aliyelipa zaidi ya bei ya mwisho arudishiwe tofauti anapoleta sashe yake tupu.

Komite nyingi zinaniambia mchapishaji anapunguza bei ukiagiza sashe 2,000 kwa mara moja. Ni kweli, anapunguza. Zile katoni za kwenye depo ziliagizwa hivyo hivyo, na leo wanazifungia mbegu.