UKULIMA: Kusoma karatasi ya maabara ya udongo



Umechukua udongo wa shamba lako, ukautia katika mfuko, ukaupeleka maabara. Labda ulipelekwa Mlingano huko Tanga, labda Uyole huko Mbeya, labda Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro. Sasa karatasi ya majibu imerudi. Ina herufi na tarakimu nyingi. Mwezi huu tutasoma sehemu moja tu ya karatasi hiyo. Ni sehemu inayoonyesha udongo una uwezo gani wa kushika chakula cha mimea, na sasa hivi umeshika nini.

Tuanze na mfano wa mbuzi. Umepigilia vigingi katika uwanja ili ufunge mbuzi wako. Kila kigingi kinafunga mbuzi mmoja. Mbuzi asiyefungwa huondoka. Udongo nao una vigingi vyake. Vigingi hivyo viko katika udongo wa mfinyanzi na katika mboji, yaani majani na samadi iliyooza. Mchanga mtupu karibu hauna vigingi. Mvua ikinyesha sana, chakula kisichofungwa huchukuliwa na maji hadi chini, mahali ambapo mizizi haifiki.

Idadi ya vigingi vyote huandikwa katika karatasi kwa herufi CEC. Kipimo chake ni cmol(+)/kg. Karatasi za zamani ziliandika meq/100g. Usihangaike, maana tarakimu ni ile ile. 5 ya kipimo cha zamani ni 5 ya kipimo cha sasa.

Waliofungwa katika vigingi ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni kalsiamu (Ca), magnesiamu (Mg), potasiamu (K) na sodiamu (Na). Hawa wanne huitwa besi. Watatu wa kwanza ni chakula cha mimea. Sodiamu huhesabiwa pamoja nao, lakini ikizidi huharibu udongo. Kundi la pili ni la uchungu wa udongo, yaani alumini (Al) na haidrojeni (H). Alumini hula nafasi ya chakula, na zaidi ya hapo huiumiza mizizi. Mizizi iliyoumizwa na alumini huwa mifupi na minene, haiendi chini kutafuta maji.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, lakini ni za aina inayopatikana katika udongo mwekundu wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Njombe. Shamba ni la mahindi, na pH yake ni 4.8.

Ca 1.2
Mg 0.4
K 0.3
Na 0.1

Jumlisha: 1.2 na 0.4 ni 1.6. Ongeza 0.3, unapata 1.9. Ongeza 0.1, unapata 2.0. Hiyo ndiyo jumla ya besi.

Chini yake karatasi inasema Al ni 1.6 na H ni 0.4. Jumla ya uchungu ni 2.0. Mwisho karatasi inasema CEC ni 16.

Hapa pana jambo la ajabu. Besi ni 2.0 na uchungu ni 2.0. Waliofungwa wote ni 4.0. Lakini maabara inasema vigingi ni 16! Vile 12 vingine viko wapi?

Jibu ni hili. Maabara nyingi hupima CEC kwa kuosha udongo na dawa iliyotengenezwa iwe na pH 7. Udongo huu wenyewe una pH 4.8. Udongo mwekundu wa namna hii, na mboji pia, una vigingi vilivyofukiwa. Uchungu ukiwa mwingi vigingi hivyo havionekani wala havifungi kitu. Uchungu ukipungua, hujitokeza kidogo kidogo. Dawa ya pH 7 huvifukua vyote kwa mara moja, ndipo maabara ikahesabu 16. Lakini shambani, leo, vinavyofanya kazi ni 4 tu.

Kwa sababu hiyo asilimia ya besi hutoka namna mbili. Kanuni ni moja: jumla ya besi, gawanya kwa vigingi, zidisha kwa 100.

Kwa vigingi vya maabara: 2.0 ÷ 16 × 100 = 12.5
Kwa vigingi vya shambani: 2.0 ÷ 4.0 × 100 = 50

Shamba ni moja, lakini karatasi moja inaweza kusema asilimia 12.5 na nyingine asilimia 50. Hakuna aliyedanganya. Ukitaka kulinganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka mwingine, au shamba lako na la jirani, kwanza uliza CEC ilipimwa vipi. Bwana shamba au bibi shamba anaweza kukuulizia maabara.

Swali hili ni la fedha. Sikiliza kwa nini.

Mkulima anayeona asilimia 12.5 anaweza kusema, "Nataka vigingi vyote 16 vijae." Ana 2, basi anataka 14 zaidi. Kwa udongo wa kina cha sentimeta 20, ambao kwa hektari moja una uzito wa karibu kilo milioni mbili, kila 1 ya kipimo chetu huhitaji tani 1 ya chokaa ya kilimo iliyo safi na iliyosagwa vizuri. Kwa hiyo atanunua tani 14 kwa hektari. Kwa ekari moja ni karibu mifuko 113 ya kilo 50. Hiyo ni hasara ya fedha, na tena ni hasara ya shamba. Chokaa ikizidi namna hiyo, vyakula vinavyohitajiwa kidogo kidogo, kama zinki, hufungwa na mimea haivipati. Mahindi hutoka na michirizi myeupe katika majani.

Hesabu bora kwa udongo huu huanza na alumini. Gawanya alumini kwa vigingi vya shambani: 1.6 ÷ 4.0 × 100 = 40. Alumini imekalia vigingi 40 katika kila 100. Huyo ndiye adui. Mahindi huvumilia kiasi, lakini maharage huumia mapema zaidi.

Ili kumwondoa, wataalamu wengi huchukua alumini na kuizidisha kwa 1.5. Yaani 1.6 × 1.5 = 2.4. Basi tani 2.4 za chokaa kwa hektari. Hektari moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ni karibu tani 1 kwa ekari, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Kwa mimea inayoogopa sana alumini huzidisha kwa 2. Ona tofauti: mifuko 20 na mifuko 113, kwa shamba lile lile! Tena chokaa ichanganywe vizuri na udongo kwa jembe, kabla ya kupanda. Ikiachwa juu juu, huko chini alumini haina habari nayo.

Sasa twende shamba la pili. Hili ni la mchanga, aina ya udongo inayopatikana sehemu za pwani kama Mkuranga. Zao ni mihogo. pH ni 6.2, na alumini haikuonekana.

Ca 1.3
Mg 0.4
K 0.1
Na 0.1
CEC 2.4

Jumla ya besi ni 1.9. Asilimia ni 1.9 ÷ 2.4 × 100, yaani karibu 79. Asilimia 79! Mwenye shamba atafurahi. Vitabu vingi huita udongo wenye asilimia zaidi ya 50 kuwa na besi za kutosha. Je, shamba hili lina rutuba kuliko lile la Njombe?

Tazama tena jumla za besi. Njombe 2.0, Mkuranga 1.9. Chakula kilichoshikwa ni karibu sawa. Asilimia 79 inasema tu kwamba vigingi vichache vilivyopo vimejaa. Mtu mwenye vigingi vitatu na mbuzi watatu amejaza uwanja wake, lakini si tajiri wa mbuzi. CEC iliyo chini ya 6 huhesabiwa kuwa ndogo sana, na hii ni 2.4. Potasiamu nayo ni 0.1 tu, wakati kwa mimea mingi chini ya 0.2 ni upungufu. Kwa mchanga huu, 0.1 ni kama kilo 40 za potasiamu katika ekari nzima, na muhogo ni mmea unaochukua potasiamu kwa wingi. Ukivuna misimu michache bila kurudisha kitu, ghala litakuwa tupu.

Shamba hili halihitaji chokaa. Linahitaji vigingi. Huwezi kugeuza mchanga kuwa mfinyanzi, lakini unaweza kuongeza mboji: samadi iliyooza, majani ya mihogo, mabaki ya mikunde. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na yanafaa kwa kiasi kidogo kidogo. Mbolea ya dukani usiitie yote siku moja. Igawe mara mbili au tatu, kwa maana vigingi ni vichache na mvua moja kubwa itaondoka na kilichobaki.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujaanza kugawanya.

La kwanza ni kipimo. Karatasi nyingine huandika besi kwa mg/kg. Tarakimu huwa kubwa, kwa mfano Ca 240. Usizijumlishe hivyo hivyo. Gawanya Ca kwa 200, Mg kwa 122, K kwa 391 na Na kwa 230. Ca 240 ÷ 200 ni 1.2, ile ile ya Njombe.

La pili ni asilimia inayozidi 100. Vigingi 20 haviwezi kufunga mbuzi 26. Ukipata jibu kama hilo, rudia hesabu yako. Kama hesabu ni sahihi, huenda udongo una chokaa ya asili au chumvi. Dawa ya maabara imeiyeyusha, ikahesabiwa kama besi zilizofungwa kumbe zilikuwa huru. Udongo wa namna hiyo hupatikana hasa sehemu kavu. Hapo angalia sodiamu: ikikalia zaidi ya vigingi 15 katika kila 100, udongo huwa mgumu na maji hayaingii. Usifanye lolote kabla ya kumwona bwana shamba.

Naitrojeni na fosforasi hazimo katika hesabu hii hata kidogo. Zina mistari yake katika karatasi, na tutaisoma wakati mwingine.

Mkulima wa Njombe aliyetia chokaa yake apeleke udongo tena baada ya mwaka mmoja, kutoka shamba lile lile na kina kile kile. Atazame kwanza mstari wa Al. Ukikaribia 0, chokaa imefanya kazi. Asilimia kwa CEC ya maabara huenda itakuwa 25 au 27 tu, na asishtuke kwa hiyo. Asinunue mfuko mwingine wa chokaa kwa sababu ya tarakimu hiyo.