Wacheni Kupiga Vipuli Mswaki

Uliza mtu yeyote hapa Kapsokwony anavyong'arisha vipuli vyake, utaambiwa dawa ya meno na mswaki mzee. Video zinasema hivyo, mashangazi wanasema hivyo. Na kweli vinang'aa. Lakini vinang'aa kwa sababu umevikwangua.

Dawa ya meno ina chembe ngumu, mara nyingi silika au chokaa, zilizowekwa humo kusugua jino. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10, gamba la jino ni kama 5. Dhahabu haizidi 3. Halafu tusidanganyane: vingi tunavyonunua vibandani, hapa ama kule Kitale, si dhahabu. Ni shaba iliyopakwa dhahabu juu, na tabaka hilo mara nyingi halifiki mikroni moja, wakati unywele una mikroni kama 70. Sugua wikendi kadhaa, uone. Rangi inaanza kutoka pembeni na pale panapogusa ngozi, shaba inachungulia, kidole kinakuwa kijani. Hapo ndipo unaenda kumtusi muuzaji eti alikuuzia feki. Labda alikuambia ukweli, wewe ndiye uliimaliza dhahabu kwa mswaki. Pete kama hiyo inataka maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Basi.

Fedha nayo ina kesi yake. Ule weusi ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiisugua, hata kwa beking soda, unatoa weusi pamoja na fedha iliyo ndani yake. Ila beking soda ina njia moja ya maana, na hiyo haina kusugua. Tandika karatasi ya foili kwenye bakuli, upande unaong'aa juu, weka mkufu uiguse, nyunyiza kijiko kikubwa cha beking soda, mwaga kikombe cha maji yaliyochemka. Utasikia kaharufu ka yai viza: ni salfa ikiiachia fedha. Alumini ya foili ndiyo inayofanya kazi, kwa hivyo bila foili kugusa fedha, umepika maji tu. Dakika chache zatosha, kisha suuza na ukaushe. Pete yenye jiwe usiitie humo, gundi italegea. Na kama weusi ni wa urembo, uliowekwa na sonara kwenye michoro, nao utaenda.

Siki ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu watu huloweka halafu wanalala. Lulu, marijani na simbi zimejengwa kwa chokaa ileile ya ganda la yai. Tupa kipande cha ganda kwenye siki, uangalie mapovu. Lulu ikipitia hayo inabaki na uso wa chaki, na hakuna sonara wa kuurudisha ule mng'ao. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke kabla hujaifungia kwenye boksi.